Nikisifiwa kwenye grupu, nijibu nini?

Shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, mtumishi wa idara ya kilimo hapa Dodoma. Shida yangu ni sifa. Wiki mbili zilizopita bosi aliandika kwenye grupu la ofisi, lenye watu 43: "Hongera sana kwa taarifa ya zabibu. Imekaa vizuri, hasa majedwali." Kwa aibu nikajibu: "Jamani mkuu, mbona kawaida tu 🙈 nilikimbizana na muda, kuna mengi hayajakaa sawa." Akaniuliza hapohapo: "Yapi hayajakaa sawa? Imeshapelekwa juu." Grupu zima kimya. Ikabidi nimpigie simu kumhakikishia kwamba takwimu ni sahihi.

Rafiki yangu akasema tatizo langu ni kutojiamini. Jumapili nikaweka picha kwenye grupu la familia, nimevaa kitenge. Binamu akaandika "Umependeza mno!", nikajibu "Najua 😂". Jioni shangazi akampigia mama kuuliza siku hizi nimekuwaje. Sasa nikisifiwa naweka kidole gumba tu, na hilo nalo naambiwa naringa. Nijibu nini?

Mwenye Aibu, Dodoma

*

Marahaba, binti.

Tuanze na bosi. Jibu lile ungelitoa mkiwa kwenye korido lisingekuwa na kosa lolote. Ungecheka, ungeinamisha kichwa, mkono ungeenda mdomoni, "jamani" ingevutwa kidogo, naye angeona mtu anayepokea sifa kwa adabu. "Kawaida tu" ya mdomoni haisemi kwamba kazi ni ya kawaida. Inasema: nimesikia, nimefurahi, basi usiendelee kunitazama. Kwenye simu, kicheko hakifiki, kichwa hakiinami. Yanafika maneno peke yake, na maneno yako yalitoa habari inayoweza kuhakikiwa: taarifa ina kasoro, tena nyingi. Mtu ambaye ameshaipeleka juu akisoma hivyo, atafanya nini zaidi ya kuuliza ni zipi? Alisoma kilichoandikwa. Yule nyani aliyeziba macho anaonyesha kuwa una aibu, lakini hafuti sentensi iliyomfuata.

Kuna gharama nyingine ambayo hukuiona kwa sababu haikuulizwa. Anayekusifu ametoa maoni yake mbele ya watu. Ukimkatalia unamwambia kwamba jicho lake halioni vizuri. Sasa amebaki na njia mbili: anyamaze, aonekane alikosea, au arudie sifa kwa nguvu zaidi, "Hapana bwana, ni nzuri kweli." Akirudia mara ya pili, wasomaji wengine wanaanza kuhisi ulijishusha ili upandishwe. Hukukusudia hivyo, najua, lakini maandishi hayabebi nia ya mwandishi.

Huu mtego umechunguzwa. Mwaka 1978 Anita Pomerantz, mtafiti wa Kimarekani wa mazungumzo ya kila siku, alionyesha kwamba anayesifiwa huvutwa na mambo mawili kwa wakati mmoja: inampasa akubaliane na mwenzake, na inampasa asijisifu. Ukikubali moja kwa moja umejisifu, ukikataa umempinga. Ndiyo maana majibu mengi ya watu hukaa katikati: hupunguza ukali wa sifa, au huihamishia kwa kitu au mtu mwingine, au huirudisha ilikotoka. Wewe ulikwenda ncha moja ukapata bosi, ukakimbilia ncha ya pili ukapata shangazi.

Kwa hiyo usiuweke unyenyekevu wako kwenye kukana. Uweke kwenye kile unachoongeza baada ya kushukuru.

Tuliandike upya jibu la bosi:

"Asante sana mkuu. Majedwali yamekaa vile kwa sababu maafisa ugani wa kata walileta takwimu mapema. Tutatumia mpangilio huohuo robo ijayo."

Shukrani imekuja kwanza, na imesimama peke yake kama sentensi kamili. Usiitangulize "aah", wala "jamani", wala "mbona". Neno la kwanza ndilo linaloonekana kwenye arifa ya simu kabla mtu hajafungua meseji, na "mbona" ni neno la kubishana. Kisha hukusema "taarifa yote ni yangu" wala "mimi sikufanya kitu". Umechukua kitu kilekile alichokitaja bosi, majedwali, ukaeleza kilichoyafanya yakae vizuri. Ukikishika alichokisifu unaonyesha umemsoma. Ukienda kwingine inaonekana unapokea sifa ya jumla, na hapo ndipo majivuno huanza kunukia. Sentensi ya mwisho inaondoa macho kwako na kuyarudisha kwenye kazi, bosi ana pa kujibia ("Sawa, endeleeni hivyo") na mazungumzo yanaisha bila mtu kukwama.

Angalia pia urefu. Bosi aliandika sentensi mbili, wewe umeandika tatu fupi. Zaidi ya hapo ni hotuba ya shukrani. Sifa ya neno moja, kama "Safi!", inatosha kujibiwa "Asante mkuu". Aliyekuandikia mistari mitano inboksi akieleza nini kimemgusa, huyo ukimjibu "Asante" kavu umempunja, mpe mistari yake miwili mitatu.

Kuhusu kugawa sifa: taja mtu au kundi kwa kazi waliyofanya kweli. "Bila ninyi nisingeweza" inapendeza kwenye sherehe, lakini kwenye grupu la ofisi haimtaji yeyote, na yule afisa ugani aliyepanda bodaboda kwenda Hombolo kufuata takwimu haoni jasho lake humo. "Walileta takwimu mapema" anaiona. Kama ulifanya peke yako, basi usimzushie mtu mchango. Hapo sema ulichojali: "Asante mkuu, nilitaka kila kata isomeke kwenye ukurasa mmoja." Hiyo ni habari ya kazi, hakuna atakayeiona majivuno. Na kama bosi amekosea, amekusifu kwa kazi ya mwenzako, kusahihisha ni lazima, tena kabla watu wengine hawajaongeza pongezi zao: "Asante mkuu, ila majedwali ni kazi ya mwenzangu wa takwimu, mimi niliandika maelezo." Andika jina lake.

Lugha yetu inakupa msaada mwingine ambao watu huutumia bila kuufikiria: kiambishi. "Nimejitahidi" inakubali juhudi, haikubali kipaji, kwa hiyo ni salama karibu kila mahali. "Tumejitahidi" inawaingiza wenzako. Tofauti ni silabi moja, ila ukiandika "tumejitahidi" kwa kazi ambayo kila mtu anajua uliifanya peke yako, au mbaya zaidi kwa picha yako ya kitenge, inakuwa kichekesho. Kinyume chake, ukiandika "nimejitahidi" kwa kazi ya watu sita, watano watakusoma na kunyamaza. Na kale ka-"tu" ka mwisho, "kawaida tu", "nimejaribu tu", kwenye maandishi kapunguze. Mdomoni kanalainisha. Kwenye meseji kanadharau kitu kilichosifiwa, na pamoja nacho aliyesifu.

Sikiliza pia sifa yenyewe imekuja kwa neno gani. "Hongera" ni pongezi kwa jambo lililotokea: umefaulu, umejifungua, umemaliza kazi. Haisemi wewe ni mtu wa namna gani, kwa hiyo hakuna cha kukana. Kujibu "hongera" kwa "hapana" ni sawa na kumkatalia mtu kwamba jambo limetokea. "Asante", "nashukuru" au "ahsante sana" inamaliza. Ukiambiwa "umependeza", kinachozungumzwa ni leo na nguo hii, kwa hiyo kuna cha kuelekezea macho: nguo, fundi, rangi. Ngumu ni zile zinazokugusa wewe mwenyewe: "uko vizuri", "una akili", "unajua sana". Hapo ndipo aibu inapozidi na mkono unaandika "wapi, bado sana". Punguza kidogo badala ya kukataa: "Asante, naendelea kujifunza, Excel ndiyo imenikalia vizuri." Umekubali kipande, tena kipande unachokimudu kweli.

Vijana wakikuandikia "umetisha" au "noma sana", wajibu kwa uzito wao, "Asanteni 😄" inatosha. Ukiwajibu kwa "Nashukuru kwa maoni yenu" watadhani umekasirika.

Sasa kitenge. Rafiki yako hakukushauri vibaya kabisa, alikosea grupu. "Najua 😂" ni utani, na utani unahitaji mtani. Inboksi, kwa shoga yako mnayetaniana kila siku, inachekesha kwa sababu anajua kwamba wewe hujioni hivyo. Grupu la familia lina shangazi, lina baba mdogo, pengine na bibi anayesomewa meseji na mjukuu. Kila mmoja anaisoma kwa sauti yake mwenyewe, na shangazi aliisoma kwa sauti ya mtu mwenye kiburi. Kwenye grupu lenye wakubwa zako, pima jibu kwa yule aliye mbali nawe zaidi, usilipime kwa binamu.

Jibu lingekuwa hivi: "Asante binamu! Fundi wa Majengo safari hii kaipatia shingo." Sifa imepokelewa, imeenda kwa fundi, na wenye hamu ya kushona watauliza fundi yupi, hapo grupu linachangamka. Usitaje bei. Kuna ugonjwa wa kujibu "umependeza" kwa "cha elfu kumi na tano tu hiki, cha Sabasaba". Bei ndogo ni kukana kwa mlango wa nyuma: unamwambia mwenzio amevutiwa na kitu cha hovyo, na kama yeye amenunua kama hicho, umemgusa. Bei kubwa ni kujigamba. Akiuliza bei, mtajie inboksi.

Kwa chakula tuna jibu zuri kuliko yote, na sijui kwa nini watu wanalisahau kwenye simu: "Asante, karibu tena." Mtu kasifia mlenda wako wa karanga, wewe unaeleza kwamba chumvi ilizidi! Mkaribishe.

Kuhusu "Mungu ni mwema" au "Alhamdulillah": ni majibu kamili na ya heshima pale jambo lenyewe ni neema, kama mtoto, afya, safari salama, kufaulu. Aliyekuandikia "Mashallah, mtoto kakua" anategemea shukrani ya namna hiyo. Ila bosi akisifu majedwali, ukajibu "Utukufu kwa Mungu" na kuishia hapo, umemfungia mlango, kwa sababu alikuwa anazungumza na afisa wake kuhusu kazi. Tanguliza "Asante mkuu", halafu shukrani yako kwa Mungu ifuate kama ndivyo ulivyozoea.

Hapo kwenye kujishusha kuna majigambo yanayovaa kanga ya unyenyekevu, na hayo ndiyo yanayokera kuliko "najua". "Asante, hata sikuwa nimejiandaa." "Niliifanya usiku mmoja." "Sijui hata watu wanaona nini." Msomaji anafanya hesabu: kama usiku mmoja umetoa hii, basi anataka tumuulize angepewa wiki ingekuwaje. Ukitaka kujua kama sentensi yako ni ya aina hiyo, iondolee "asante" uisome peke yake. Kama inabaki inasifu kasi yako, kipaji chako au uzuri wako, ifute. "Takwimu zilikuja mapema" ukiisoma peke yake haimsifu yeyote aliyeishika simu. "Niliifanya usiku mmoja" inamsifu mmoja tu.

Kurudisha sifa kuna wakati wake. "Wewe zaidi" ikiandikwa ndani ya sekunde tano haiaminiki, imetoka kama mwangwi. Na kwa bosi haifai hata kidogo, maana "hata wewe mkuu uko vizuri" ni mtumishi anampa mkuu wake alama. Kwa mwenzako, kama kuna kitu cha kweli cha kurudisha, kitaje kwa jina: "Asante, na ile ramani yako ya kata ndiyo iliyonisaidia kupanga." Kama hakipo, mwache apumzike na sifa yake aliyoitoa. Atapata zamu yake.

Kidole gumba. Kwenye kazi, kidole gumba ni muhuri wa "nimepokea agizo". Kikija juu ya sifa kinasomeka kama ulikuwa unaisubiri. Ikiwa huna muda, afadhali mikono miwili iliyokutana 🙏 au neno "Asante" peke yake. Bosi akisifu mbele ya watu 43, ajibiwe kwa maneno, na umjibu kwa kuinukuu meseji yake, ili jibu lako lisielee katikati ya tangazo la msiba na mchango wa harusi.

Pongezi zikifuatana, na zitafuatana, kwa sababu mkuu akishaandika "hongera" ofisi nzima huitikia, usimjibu kila mtu. Meseji ishirini za "asante", "asante", "asante" zinakufanya uonekane unahesabu. Mjibu bosi mapema, kisha subiri wimbi lipungue, pengine jioni, uandike mara moja: "Asanteni sana wote." Hiyo -ni inawakusanya bila kumruka mtu. Aliyeandika zaidi ya pongezi, kwa mfano aliyeuliza jinsi ulivyopanga majedwali, mjibu pekee, na kwa maelezo.

Ukichelewa kuona sifa, jibu hivyohivyo hata kesho yake, bila kuleta sababu tatu za kuchelewa. "Asante mkuu, nimeiona sasa" inatosha. Tiki za bluu zikikaa siku nzima bila neno, hapo ndipo watu huanza kusema unaringa.

Na ukishatuma vibaya? WhatsApp inakuruhusu kuhariri meseji ndani ya dakika 15: ibonyeze kwa muda, chagua kuhariri, toa lile neno baya. Itabaki alama kwamba imehaririwa, hilo halina neno. Kuifuta kabisa ni hatari zaidi, kwa sababu inabaki alama kwamba kulikuwa na meseji, na watu 43 wataanza kuulizana ilikuwa nini. Kama mtu ameshajibu, usihariri, maana swali lake litabaki linaelea bila kichwa. Wakati bosi anauliza "Yapi hayajakaa sawa?" ulipaswa kujibu palepale alipouliza, mbele ya walewale waliosoma: "Samahani mkuu, nilikuwa najibu kwa aibu. Takwimu zote zimehakikiwa, ziko sahihi. Asante sana kwa pongezi." Ulimpigia simu, ukamtuliza yeye, lakini wale wengine wote bado wanajua tu kwamba taarifa ya zabibu ina mengi hayajakaa sawa. Kama hilo halijasahihishwa kwenye grupu, tafuta nafasi wiki hii. Ukituma kitu kingine kuhusu taarifa hiyohiyo, weka sentensi moja kwamba takwimu zilihakikiwa kata kwa kata kabla ya kupelekwa. Usirudi kuomba radhi kwa sifa ya wiki mbili zilizopita.

Mtu mmoja nimwongeze haraka, kwa sababu utakutana naye: anayesifu inboksi usiku, umbo lako, macho yako, na humjui vizuri. Huyo hahitaji unyenyekevu. "Asante." yenye nukta, halafu swali la kazi au kimya. "Jamani, unanitania" anaisoma kama karibu.

Na wahenga wetu wa mgema akisifiwa tembo hulitia maji wasikutishe. Walikuwa wanazungumzia tembo la kesho yake. Mgema kusema asante hawakumkataza.

Shangazi usimwandikie. Mpigie. Anza na shikamoo, uliza habari za nyumbani, mwache amalize, kisha mwambie ulikuwa unamtania binamu. Sauti yako ataijua.